Kodi zinaingia benki lakini sijui nani kalipa

Habari za kazi mshauri. Mimi ni mama wa miaka 58, nakaa Mtwara mjini, Chuno. Marehemu mume wangu kaniachia nyumba ya vyumba nane na ndo inanilisha. Sita ni vyumba vya kawaida elfu hamsini hamsini kwa mwezi, viwili masta elfu tisini. Miaka yote kodi nimepokea mkononi naandika kwenye daftari, ila ugomvi wa "nilishakupa" na "hujanipa" ulizidi, mwanangu aliyeko Dar akasema mama hamia benki, watu walipe kwa apu. Mwezi wa saba nikabandika karatasi mlango mkubwa: "Wapangaji wote, kuanzia mwezi wa nane kodi inalipwa benki kwa apu ya simu, akaunti namba ni hii, msisahau kuandika kumbukumbu namba, mwisho tarehe 5."

Tarehe 6 nikaenda kuchukua steitimenti. Masta wote wawili nikawajua kwa majina. Za elfu hamsini zilikuwa nne. Moja imeandikwa "kodi" tu, moja ina namba ndefu ambayo mwanangu alivyoiangalia ni namba ya akaunti yangu mwenyewe, moja ina namba ya simu, na ya nne haina kitu, jina la mwanamke nisiyemjua. Hiyo ya nne nikasema ni mke wa chumba namba 6, nikamtiki. Kijana wa chumba namba 3, mwanafunzi wa chuo, sikumwona popote, nikamsema uani mbele ya watu wote kuwa ni muongo na afungashe. Wiki iliyofuata ndo najua ile hela ilikuwa yake, dada yake kamtumia kutoka Masasi. Chumba namba 6 alikaa kimya na tiki yake. Kijana sasa ananipita tu, hata shikamoo hakuna.

Mwanangu anasema niweke faini ya elfu tano kwa asiyeandika kumbukumbu. Halafu kuna mzee wa chumba namba 1, muuza samaki, ana miaka kumi na moja kwangu na simu yake ni kitochi, kasema yeye hela atanipa mkononi kama siku zote. Nikimkubalia, wengine nao watagoma. Nirudi kwenye daftari au nikaze? Na hiyo barua niiandikeje wanielewe?

Mama Mwenye Nyumba, Mtwara

* * *

Shikamoo mama.

Nimekisoma hicho kikaratasi chako mara tatu, nikajifanya mimi ndo mpangaji, nimetoka kazini nimechoka nimesimama hapo mlangoni nakisoma. Nilipofika kwenye "kumbukumbu namba" nikakwama. Kumbukumbu namba ipi? Hapo ndo naomba tuanzie, kabla ya faini na kabla ya mzee wa samaki, maana mimi siwaoni hao wapangaji wako kama wakaidi. Naona kila mtu alitii, ila kila mtu alitii neno tofauti.

Hebu angalia. Mtu aliyezoea kulipa bili kwa simu, neno kumbukumbu namba analijua vizuri sana, ni ile menyu inayokwambia weka namba ya kampuni halafu weka kumbukumbu namba ya malipo. Kwa malipo ya namna hiyo kwenda benki, mara nyingi kumbukumbu namba ndo namba ya akaunti yenyewe. Kwa hiyo huyo aliyeandika akaunti yako hakuwa anafanya utani, kafanya alichozoea. Mwingine akisikia kumbukumbu namba anafikiria ile namba ndefu inayokuja kwenye meseji baada ya kulipa, yani namba ya muamala. Sasa hiyo atakuandikiaje kabla hajalipa, wakati inazaliwa baada ya hela kuondoka? Na yule aliyeweka namba ya simu kafikiri, sawa, nikiweka namba yangu mama atanijua. Akili nzuri tu, ila wewe kwenye daftari wapangaji umewaandika kwa vyumba, sio kwa simu.

Kwa hiyo kuna vitu vitatu na barua yako imeviweka kwenye neno moja. Namba ya akaunti inaiambia benki hela iende wapi. Namba ya muamala inathibitisha kwamba hela imekwenda. Na hicho unachokitaka wewe ni cha tatu, yale maneno mafupi ambayo mpangaji anaandika mwenyewe ili ujue hela ni ya chumba gani na ya mwezi gani. Kwenye apu za benki kisanduku chake kinaandikwa Maelezo, au Description, au Narration, inategemea apu na lugha aliyochagua mtu. Nyingi hazilazimishi kukijaza, ukikiruka hela inaenda vilevile, na ndo maana ile ya Masasi ilifika haina kitu.

Labda unajiuliza mbona serikalini hawapati shida hii. Kule ukienda kulipa unapewa kontrol namba, ya kwako peke yako na ya bili hiyo tu, ukiilipia mfumo wenyewe unajua nani kalipa na kalipia nini. Akaunti yako ya kawaida haina kitu kama hicho. Kontrol namba yako inabidi uitunge wewe mwenyewe, na iwe rahisi mtu asiulize mara mbili.

Mimi ningetumia herufi C na namba ya chumba, halafu mwezi kwa herufi tatu. Chumba namba 3 akilipa kodi ya Septemba anaandika C3 SEP. Basi. Asiweke mkwaju wala nukta wala alama ya reli, kuna apu zinazikataa na ukikataliwa mara mbili unaamua kuacha wazi. Asiandike sentensi ndefu kama "kodi ya mwezi wa tisa kutoka kwa fulani", maana kwenye steitimenti maneno marefu mara nyingi yanakatwa, na kinachobaki ni "kodi ya mwezi" tu, chumba chenyewe kimekatika. Chumba kitangulie, ili hata ikikatwa kibaki.

Na mwezi ni ule unaolipiwa, sio ule wa kutuma hela. Kwa huko kwetu hili lina uzito wake. Una mpangaji anangoja hela ya korosho, mnada ukishafanyika mwezi wa kumi na moja anakulipa kwa mpigo miezi mitatu ya nyuma. Akiandika C5 NOV utahesabu kalipa Novemba na bado anadaiwa, mtagombana. Akiandika C5 SEP NOV unajua ni Septemba mpaka Novemba, na laki moja na nusu inakubaliana nayo. Hapo daftari na benki vinaongea lugha moja.

Sasa turudi Agosti, maana nahisi haijaisha. Vyumba vya elfu hamsini ni sita, hela zilizoingia ni nne. Tukitoa mzee wa chumba namba 1 ambaye hataki benki, wanabaki watano. Kwa hiyo kuna mmoja hajalipa kwa njia hiyo, na wewe umeshamhisi ni namba 6. Inawezekana. Lakini ngoja kidogo mama, ulimwambia kwamba umemtiki? Kama ile tiki iko kwenye daftari lako tu, yeye atajuaje kwamba ana tiki ya kumkalia kimya? Huenda ni mdaiwa anayeomba Mungu usimkumbuke, huenda alikulipa na hela ikakwama njiani, huenda ile iliyoandikwa "kodi" tu ni yake na mwingine kabisa ndo hajalipa. Hizi tiki zote za Agosti mimi ningezifuta nianze upya.

Waombe wote watano, mmoja mmoja, wakuonyeshe risiti ya malipo. Baada ya kulipa apu inatoa risiti unayoweza kuihifadhi au kuituma wasapu, na ikiwa imepotea basi kwenye historia ya miamala bado ipo, au ile meseji. Wewe unashika steitimenti. Msilinganishe namba ya muamala peke yake, maana hela ikitoka benki nyingine au mtandao wa simu kuja benki yako, namba ya upande wa mtumaji na ya upande wako mara nyingine hazifanani, na unaweza ukamwita mtu muongo mara ya pili. Angalieni kiasi, tarehe, na jina la aliyetuma, vyote kwa pamoja. Saa pia ikiwepo inasaidia. Huko kwa wakala ndo kuna mtego zaidi, mtu akiweka hela kwa wakala jina linaloonekana kwako linaweza kuwa la wakala, kwa hiyo yeye aje na kile kikaratasi cha wakala.

Na skrinshoti peke yake isikutoshe. Watu wanazitengeneza siku hizi. Hela iliyoingia ni ile iliyoko kwenye akaunti yako.

Kuhusu faini ya elfu tano, mwanao namwelewa, yuko mbali na anataka mama yake asisumbuliwe. Inaweza kufanya kazi. Ila fikiria mwezi wa kwanza tu, nani ataanguka? Ataanguka huyohuyo ambaye dada yake kamtumia kutoka Masasi, maana aliyebonyeza simu siye aliyesoma barua yako. Halafu kama mlikubaliana kodi bila faini, ukiichomeka katikati wanaweza kukuuliza imetoka wapi, na watakuwa na hoja. Kuna njia nyingine ambayo haina adhabu: asiyeandika maelezo, hela yake unaipokea lakini huigawi kwa mtu yeyote mpaka mwenyewe aje na risiti. Hatari yake ni kwamba kazi ya kufuatilia inabaki kwako, na wapo watakaozoea. Upime mwenyewe unachoweza kukivumilia.

Kuna na ka-ujanja wengine wanakatumia, nakupa uone kama kanakufaa. Kila chumba kinalipa kodi na shilingi za namba yake. Chumba namba 3 anatuma 50,003, namba 6 anatuma 50,006. Hata akisahau maelezo, hata hela ikitoka kwa dada wa Masasi, kiasi chenyewe kinasema ni nani. Kwa simu inakubali, ila kwa wakala haifai, nani ana shilingi tatu mfukoni. Na hakikwambii mwezi. Ni cha kusaidizia tu.

Halafu makato, mama. Hili sijaliona kwenye karatasi yako kabisa. Mpangaji aliyekuwa anakupa elfu hamsini mkononi alikuwa anatoa elfu hamsini. Sasa anakatwa ya kutuma juu yake, na asiye na akaunti benki kama yako anaweza kukatwa zaidi. Kwake yeye kodi imepanda kidogo, japo wewe hujapandisha. Wapo wanaosema makato ni ya mpangaji, wapo wanaogawana. Vyovyote utakavyoamua kiandike, maana usipoandika kuna siku utaona 49,000 na kitu na mtu anakwambia nimeondoa ya kutolea.

Mzee wa samaki sasa. Unaogopa ukimkubalia wengine watagoma. Labda. Lakini je, ni wangapi kati ya hao wengine wana kitochi na miaka kumi na moja? Benki nyingi zina menyu ya namba ambayo kitochi inaifungua, kama *150*66# ya NMB au *150*03# ya CRDB, kwa hiyo kitochi sio kizuizi chenyewe kama ana akaunti huko na yuko tayari kufundishwa. Ila menyu za namna hiyo sio zote zinakupa nafasi ya kuandika maelezo, kwa hiyo utarudi palepale kwa hela isiyo na jina, na hapo 50,001 itakuokoa. Njia nyingine ni kumpokelea mkononi, ila umkatie risiti kutoka kitabu cha risiti chenye nakala ya kaboni, yeye anabaki na yake wewe unabaki na yako, wote mmesaini. Ukifanya hivyo kwa sharti la wazi, kwamba ni kwa asiye na simu janja, wengine watakuwa na la kusema kidogo. Hawatakosa kabisa, nakwambia ukweli. Na uzito wa kukaa na hela ndani utabaki nao kiasi.

Kuna kitu kimoja kwenye karatasi yako kimenitisha kuliko vyote, nacho ni ule mlango. Nchi hii kila mtu ameshapata ile meseji ya "mimi baba mwenye nyumba wako, ile kodi itume kwenye namba hii". Hao matapeli wanatuma kwa watu wengi bila kumjua mtu, wakitegemea siku moja itamkuta mpangaji ambaye kweli anadaiwa. Wewe sasa umewaambia wapangaji wako kwamba namba ya kulipia inaweza kubadilika kwa karatasi tu iliyobandikwa mlango mkubwa ambako kila mpita njia anaona. Kesho mtu akibandika yake? Barua mpe kila mtu mkononi, imesainiwa, na ndani uandike jina la akaunti vilevile linavyotokea kwenye simu. Wanaokujua kwa jina la mama fulani wakiona majina matatu ya kwenye kitambulisho wanashtuka, au mbaya zaidi wanazoea kutoliangalia kabisa. Jina likitokea wasome kwanza, ndo waweke namba ya siri. Na ikija meseji ya kubadilisha, waitume kwenda 15040, ni namba ya kuripoti matapeli, kisha wakuulize wewe uso kwa uso.

Barua yenyewe mimi ningeiandika hivi, wewe utarekebisha:

"Ndugu mpangaji wa chumba namba 3. Kuanzia kodi ya Oktoba tunalipa kwa benki. Fungua apu ya benki yako, chagua kutuma hela, chagua benki yangu, weka namba hii ya akaunti (hapa iandike). Jina litakalotokea ni (liandike lote). Likitokea jina jingine usiendelee, nipigie. Kiasi ni shilingi 50,003. Kwenye kisanduku cha Maelezo, au Description, andika C3 OKT. Mwezi unaofuata utaandika C3 NOV. Ukilipa miezi mitatu andika mwezi wa kwanza na wa mwisho, C3 OKT DES. Ukilipiwa na mtu mwingine, mtumie maneno hayo na kiasi hicho, usimtumie akaunti tu. Ukituma kutoka mtandao wa simu na menyu ikakuomba kumbukumbu namba ya akaunti, hapo weka namba ya akaunti, sio C3. Hapo mimi sitayaona maelezo yako, kwa hiyo nionyeshe risiti siku hiyo hiyo. Hela ikikatwa kwako na kwangu haijafika, usitume tena, tunza meseji uwasiliane na benki yako na mimi unijulishe. Makato ya kutuma ni ya (amua). Akaunti hii ikibadilika nitakuletea barua nyingine mkononi, sitatuma meseji kamwe."

Umeona kila chumba kina barua yake? Barua nane, sio moja. Ni kazi ya jioni moja, na mtu haanzi kujiuliza yeye ni C ngapi. Tarehe 5 ni sawa, ila wewe usiende benki tarehe 6 asubuhi ukaanza kuhukumu, hasa kama tarehe 5 imeangukia Jumamosi au Jumapili. Kati ya benki na benki siku hizi mara nyingi hela inafika hapohapo, lakini ikikwama inaweza kusubiri siku za kazi.

Nimemwacha kijana mwisho makusudi, maana naona ndo anayekuuma. Unaweza kumwita ndani ukamwomba radhi kimyakimya, na heshima yako uani inabaki. Ila yeye alisemwa mbele ya watu, na hao watu mpaka leo wanajua ni muongo. Unaweza kuyasema uani palepale, na kwa umri wako najua ni mzigo, na huenda namba 6 naye akajiona ndo anasemwa hapo kabla hujamsikiliza. Au unaweza kwanza kumaliza hesabu ya Agosti na wote watano, halafu ukampelekea barua yake mkononi, ya C3, na mbele ya yeyote atakayekuwepo pale uani ukamwambia hela yako ya mwezi wa nane niliipata, mimi ndo nilikosea kuisoma. Shikamoo huenda isirudi siku hiyo.

Ukishajua ile "kodi" tupu ilikuwa ya nani, niandikie tena.